Kupima SOS au kupima mutesheni: vipimo vitatu vya bakteria bega kwa bega

Swali linaloulizwa sana maabara ni hili: dawa hii, kemikali hii au mwanga huu unaharakisha mutesheni kwenye bakteria kwa kuamsha mwitikio wa SOS, yaani mpango wa dharura wa seli DNA yake inapoharibika? Vipimo vinavyotumika zaidi kulijibu ni vitatu. Kimoja kinaangalia kama SOS imewaka, kwa kusoma rangi inayotokana na sulA, mojawapo ya jeni za SOS. Cha pili kinahesabu seli zilizogeuka sugu kwa rifampisini. Cha tatu ni kipimo cha Ames, kwa kutumia aina mbili za Salmonella zinazotofautiana kwa plasmidi moja tu.

Wengi hukimbilia cha kwanza kwa kuwa kinamalizika siku hiyohiyo, kisha huandika kwenye ripoti kuwa wamepima mutesheni. Hawajapima mutesheni. Kati ya SOS kuwaka na DNA kubadilika kuna hatua nyingine ambayo kipimo cha rangi hakiioni kabisa. Uchaguzi wa kipimo unasimama juu ya hatua hiyo, kwa hiyo tuanze nayo.

Njia kutoka DNA iliyoharibika hadi mutesheni

Chukua Escherichia coli iliyopigwa mwanga wa UV wa nanomita 254. Mwanga huo huzigandisha pamoja thaimini mbili zinazopakana kwenye uzi mmoja wa DNA. Polimeresi III, ambayo ndiyo hunakili kromosomu siku zote, ikifika hapo hukwama, maana imeumbwa kushika herufi moja moja na si mbili zilizogandana. Unakili huanza upya mbele kidogo, na nyuma linabaki pengo lenye uzi mmoja mtupu. Protini ya RecA hujipanga juu ya uzi huo mtupu hadi ikaufunika kama utepe. Utepe huo ndio ishara kwamba mambo yameharibika.

Anayeipokea ishara ni LexA. Katika hali ya kawaida LexA hukalia mwanzo wa jeni zaidi ya 40 na kuzizuia zisisomwe. Ikigusana na utepe wa RecA, LexA hujikata yenyewe kati ya amino asidi ya 84 na ya 85, na ndani ya dakika chache nyingi yake huwa imekwisha. RecA haifanyi kazi ya mkasi. Inaisukuma tu LexA ikae katika umbo ambalo serini yake ya 119 inaweza kukata. Ndiyo sababu badiliko moja mahali pa kukatia linatosha kuizima SOS nzima. Aina inayoitwa lexA3 ina asidi aspatiki badala ya glisini kwenye nafasi ya 85, na LexA yake haikatiki hata ukiipiga UV namna gani.

Jeni zilizoachiwa haziamki kwa wakati mmoja. LexA inazishika kwa nguvu tofauti. uvrA na uvrB, za ukarabati unaokata kipande kibovu na kukijaza upya kwa usahihi, huachiwa mapema. umuDC huchelewa. Na hata UmuD ikishatengenezwa bado haifanyi kazi: nayo inapaswa kujikata kwa msaada wa utepe wa RecA na kupoteza amino asidi 24 za mwanzo, ndipo iitwe UmuD′. UmuD′ mbili zikiungana na UmuC moja ndipo inapatikana polimeresi V, ambayo ilithibitishwa kuwa polimeresi mwaka 1999.

Polimeresi V inaweza kuvuka thaimini zilizogandana. Bei yake ni usahihi. Haina sehemu ya kurudi nyuma na kufuta herufi mbaya, kwa hiyo inachoweka kimewekwa. Mbele ya aina moja ya mgando, ule unaoitwa 6-4, mara nyingi huweka guanini badala ya adenini, na kizazi kinachofuata T imegeuka C. Hata juu ya DNA nzima hukosea takriban mara moja katika kila herufi 1,000 hadi 10,000. Linganisha na E. coli isiyosumbuliwa: ukijumlisha polimeresi III, uhakiki wake na ukarabati unaofuata, kosa moja hubaki katika herufi bilioni 4 hadi 5 kwa kila kizazi. Ipo pia polimeresi IV, ya jeni la dinB, ambayo huongezeka takriban mara kumi SOS inapowaka na ina tabia ya kuruka herufi. Tutairudia, kwa sababu kipimo kimojawapo hakiioni.

Basi kuna milango miwili. Wa kwanza ni LexA kukatika, nao hufungua jeni. Wa pili ni UmuD kukatika, nao unahitaji utepe wa RecA uwe bado upo dakika 20 au zaidi baadaye, yaani uharibifu uwe haujakarabatiwa wote. Uharibifu mdogo unaweza kufungua mlango wa kwanza, ukakarabatiwa vizuri na UvrABC, na wa pili usifunguke kamwe. Ushahidi mzuri upo kwenye aina zisizo na LexA kabisa, zinazoandikwa lexA(Def). Jeni zote za SOS ziko wazi saa zote, lakini bila uharibifu wa DNA mutesheni zake huongezeka kidogo tu, kwa kuwa hakuna utepe wa RecA wa kutosha kuikata UmuD. (Aina hizo lazima pia ziondolewe sulA, la sivyo hazigawanyiki na hufa.)

Kinyume chake nacho kipo. Kemikali ya EMS huibandika guanini kikundi cha ethili, na polimeresi III ya kawaida huisoma vibaya bila hata kukwama. Mutesheni zinakuja kwa wingi na SOS haihusiki. Hali hizi mbili zikikaa akilini, matokeo ya vipimo husomeka bila taabu.

Kipimo cha rangi: sulA na lacZ

Kipimo hiki kilichapishwa mwaka 1982 na watafiti wa Paris, na aina yake inaitwa PQ37. Ndani yake, jeni la lacZ limeunganishwa na mwanzo wa sulA, kwa hiyo LexA ikitoka, seli hutengeneza kimeng'enya cha beta-galaktosidesi. Imeondolewa uvrA ili uharibifu usikarabatiwe haraka, na ukuta wake wa nje umedhoofishwa ili molekuli kubwa zipenye. Jambo la busara zaidi ni kwamba inatengeneza pia kimeng'enya cha fosfatesi alkali muda wote, iwe SOS imewaka au la.

Kazi yenyewe ni fupi. Otesha seli mpaka ziwe zinagawanyika kwa kasi, zipunguze mara kumi kwenye mchuzi mpya wa LB, zigawe kwenye mirija yenye viwango mbalimbali vya kitu unachopima, acha saa 2 kwenye 37 °C. Kisha kila mrija ugawe mara mbili: nusu moja upime beta-galaktosidesi kwa ONPG, nusu nyingine fosfatesi kwa PNPP. Zote hutoa rangi ya njano, na zinasomwa kwenye nanomita 420.

```
R  = beta-galaktosidesi / fosfatesi
IF = R(dozi) / R(bila dozi)
```

Mfano wa hesabu: bila dozi, beta-galaktosidesi inasoma 0.15 na fosfatesi 0.50, kwa hiyo R ni 0.30. Kwa dozi fulani, beta-galaktosidesi imepanda hadi 0.60 na fosfatesi imeshuka hadi 0.40, R ikawa 1.5. IF, yaani mara ngapi SOS imepanda, ni 5. Ungegawanya beta-galaktosidesi peke yake ungepata 4, ukaidharau dozi hiyo kwa kuwa imeshaanza kupunguza uwezo wa seli kutengeneza protini. Fosfatesi ndiyo inayokuonyesha upungufu huo. Kwa kawaida IF ya 2 na kuendelea huhesabiwa kuwa SOS imewaka, na kati ya 1.5 na 2 rudia.

Kosa la kawaida hapa ni kupima dozi moja, tena kubwa. Mstari wa kipimo hiki hupanda, hufika kilele, kisha huanguka, kwa sababu seli zinazokufa hazitengenezi kimeng'enya chochote. Ukichagua dozi iliyo upande wa pili wa kilele, utaandika kuwa sumu kali haina athari kwenye DNA. Fosfatesi ikishuka chini ya nusu ya ile ya mrija usio na dozi, usiiamini tena R ya mrija huo. Pima dozi sita au zaidi, kila moja nusu ya iliyotangulia. Tatizo la pili ni sampuli yenye rangi. Maji ya mizizi au majani yaliyochemshwa yana ukahawia unaosomeka vizuri sana kwenye nanomita 420. Weka mrija wenye sampuli na seli lakini bila ONPG, na utoe usomaji wake.

Wapo wanaotumia toleo la GFP, yaani mwanzo wa sulA umewekwa mbele ya jeni linalong'aa kijani, na kusoma seli moja moja. Lina faida moja kubwa: linaonyesha kuwa hata kwenye mrija usio na dozi takriban 1% ya seli zina SOS iliyowaka zenyewe, jambo ambalo wastani wa mrija mzima hulificha. Lina udhaifu wake pia, kwa kuwa GFP haivunjiki upesi, na seli iliyozima SOS huendelea kung'aa. Halifai kuuliza SOS imezima saa ngapi.

Vyovyote utakavyochagua, umepima mlango wa kwanza tu.

Kuhesabu seli sugu kwa rifampisini

Rifampisini hushika kipande cha RNA polimeresi kinachotokana na jeni la rpoB. Kubadilika kwa herufi moja katika mojawapo ya nafasi kadhaa za jeni hilo kunatosha kuizuia dawa isishike. Hivyo kila koloni inayoota kwenye sahani yenye rifampisini imetoka kwenye seli iliyobeba mutesheni, nayo unaishuhudia kwa macho. Katika E. coli ya kawaida, karibu seli moja katika milioni 100 huwa tayari sugu bila kuguswa.

Sahani ni LB yenye mikrogramu 100 za rifampisini kwa mililita. Yeyusha dawa kwenye DMSO miligramu 50 kwa mililita, kisha weka mililita 2 kwenye lita moja ya agari iliyopoa hadi karibu 50 °C. Zifunge kwa karatasi ya alumini, kwa sababu dawa huharibika kwa mwanga. Tumia E. coli K-12 ya maabara tu, na sahani zote zipite kwenye otoklevu kabla ya kutupwa. Rifampisini ni dawa ya kifua kikuu, na jeni sugu hazifai kuachwa zikitembea.

Sasa mfano wa UV wenyewe, hatua kwa hatua. Otesha seli hadi A600 ya 0.5, zishushe kwa sentrifuji, zirudishe kwenye ujazo uleule wa magnesiamu salfeti ya milimola 10. Usizipige UV zikiwa ndani ya LB: LB yenyewe huumeza mwanga wa nanomita 254 na dozi halisi inakuwa sehemu ndogo ya uliyodhani. Mimina mililita 5 kwenye sahani ya sentimita 9, maji yasimame chini ya milimita moja. Taa ikitoa wati 1 kwa mita ya mraba kwenye umbali huo, sekunde 30 zinatoa jouli 30 kwa mita ya mraba. Tingisha polepole wakati wote, na vaa kinga ya macho. Kuanzia hapo fanya kazi kwenye mwanga wa njano, kwa sababu E. coli ina kimeng'enya kinachotumia mwanga wa buluu kuzitenganisha thaimini zilizogandana. Ukiacha mirija dirishani mutesheni zitapotea na hutajua kwa nini.

Baada ya UV usipande moja kwa moja kwenye rifampisini. Hili ndilo huwapotosha wengi. Seli iliyobadilika sasa hivi bado ina RNA polimeresi zake za zamani, zote zinashikwa na dawa, na ina nakala nyingine za kromosomu ambazo hazijabadilika. Ikikutana na dawa mapema hivyo inakufa na mutesheni yake. Zipunguze mara 20 kwenye LB, mirija 10 kwa kila hali, zioteshe gizani usiku kucha, ndipo upande. Hesabu koloni baada ya saa 24. Zinazochomoza siku ya pili na ya tatu zinaweza kuwa zimebadilika palepale kwenye sahani.

Tuseme mirija isiyopigwa UV ina seli 2 × 10⁹ kwa mililita. Umepanda mililita 0.1, yaani seli 2 × 10⁸, na koloni za kati kwa mpangilio ni 6. Hiyo ni 3 × 10⁻⁸. Mirija iliyopigwa UV, kwa idadi ileile ya seli, ina koloni 180, yaani 9 × 10⁻⁷. Ongezeko ni mara 30. Tumia koloni za kati kwa mpangilio, usitumie wastani: mrija mmoja ambao seli yake ilibadilika mapema utakuwa na mamia ya koloni za ukoo mmoja, na wastani utavutwa nao. Luria na Delbrück walilionyesha jambo hili mwaka 1943.

Namba 30 peke yake haijasema chochote kuhusu SOS. Inahitaji aina ya kulinganishia, na hapa wengi huchagua recA iliyoharibiwa kwa kuwa inajulikana zaidi. Ni chaguo baya. Bila RecA, jouli 30 huua karibu seli zote, na mirija yako itaoteshwa na manusura wachache ambao mutesheni zao zinategemea bahati. lexA3 nayo ni dhaifu mbele ya UV, ingawa si kwa kiwango hicho. Bora ni aina isiyo na umuDC. Inastahimili UV karibu sawa na ya kawaida, SOS yake inawaka kama kawaida, ila polimeresi V haipo. Ikiwa hiyo inatoa koloni 8 mahali ambapo ya kawaida inatoa 180, umeshajua ongezeko limepita mlango gani.

| Hali | Rangi ya sulA | Sugu kwa rifampisini |
|---|---|---|
| Kawaida, UV | inapanda | zinapanda sana |
| Bila umuDC, UV | inapanda | karibu hazipandi |
| lexA3, UV | haipandi | karibu hazipandi |
| lexA(Def), bila UV | juu muda wote | zinapanda kidogo |
| lexA3, EMS | haipandi | zinapanda sana |

Dawa kama siprofloksasini zina ugumu wake, kwa sababu seli zinakaa nazo muda mrefu badala ya kupigwa mara moja. Kiwango kinachozuia E. coli K-12 isiote ni karibu mikrogramu 0.016 kwa mililita, na majaribio hufanywa chini ya hapo, kwa mfano robo yake. Kwa kipimo hiki andaa mirija mingi midogo, upande kila mmoja wote. Tuseme mirija 24 ya mikrolita 200, kila mmoja una seli 2 × 10⁸ mwishoni, na mirija 8 haikutoa koloni hata moja.

```
p0 = 8/24 = 0.333
m  = -ln(0.333) = 1.10
kasi = 1.10 / (2 x 10^8) = 5.5 x 10^-9
```

Hapa p0 ni sehemu ya mirija mitupu, na m ni wastani wa mutesheni kwa kila mrija. Njia hii inafaa mradi sehemu ya mirija mitupu iwe kati ya 0.1 na 0.7, nje ya hapo tumia hesabu inayozingatia koloni za kila mrija.

Makosa mawili huipandisha kasi hiyo kwa uongo. La kwanza ni nyuzi. SulA huzuia seli isigawanyike, hivyo seli inarefuka na kubeba kromosomu nyingi, lakini kwenye sahani inahesabiwa koloni moja. Ukigawanya kwa idadi ndogo ya koloni, kasi inaonekana kubwa. Weka tone chini ya hadubini. Ukiona nyuzi ndefu, osha dawa na uache seli zigawanyike kwanza. La pili ni vifo. Ikiwa theluthi ya seli zinakufa katika kila kizazi, zilizo hai mwishoni ni chache kuliko unakili uliofanyika kwa kweli, na mutesheni za unakili huo wote zinagawanywa kwa manusura. Ongezeko la mara mbili au tatu chini ya siprofloksasini linaweza kutoka hapo bila SOS kuhusika. Usiliamini mpaka aina isiyo na umuDC au dinB, yenye vifo vinavyolingana, ikuonyeshe tofauti.

Kipimo kina upofu wake pia. rpoB ni jeni ambalo seli haiwezi kuishi bila hilo, kwa hiyo mutesheni inayoondoa herufi moja na kuvuruga usomaji wote huiua seli. Rifampisini huonyesha herufi zilizobadilishana, na vipande vichache vilivyokatika kwa tatu tatu. Kazi ya polimeresi IV ya kuruka herufi haionekani hapa. Kwa hiyo nenda kwenye aina za lacZ zinazoitwa CC107 hadi CC111, ambazo hurudisha uwezo wa kutumia laktosi pale tu herufi zinapoongezwa au kupunguzwa.

Jozi ya Ames: TA1535 na TA100

Aina hizi za Salmonella haziwezi kutengeneza histidini kwa sababu ya herufi moja mbaya kwenye hisG. Zikibadilika na kurejea hali nzuri, huota koloni kwenye agari isiyo na histidini ya kutosha. TA100 ni TA1535 iliyoongezewa plasmidi ya pKM101, na plasmidi hiyo hubeba mucAB, ndugu wa umuDC. Salmonella yenyewe ni dhaifu katika mutesheni za SOS, kwa hiyo plasmidi hii ndiyo inayoleta karibu uwezo wote huo.

Ukitumia zote mbili kwa pamoja unapata jibu ambalo mtu anayetumia TA100 pekee hulikosa. EMS huzipandisha koloni za TA1535 vizuri tu. MMS, inayofanana nayo kwa jina na kwa umbo, huonekana hasa kwenye TA100, kwa sababu sehemu kubwa ya uharibifu wake huikwamisha polimeresi na kuhitaji nyingine ya kuvuka. Kemikali inayofanya kazi kwenye TA100 na si TA1535 inakuambia kuwa mutesheni zake zinapita kwa MucAB.

Bila dozi tarajia koloni takriban 20 au pungufu kwa TA1535, na kati ya 75 na 200 kwa TA100, baada ya saa 48 hadi 72. Sahani za TA100 zikianza kufanana na za TA1535, plasmidi imepotea. Pima kwa ampisilini, kwani pKM101 hubeba usugu wake. Sampuli za mimea na vyakula huwa na histidini, nayo huotesha koloni zisizo na mutesheni. Itambue kwa kutazama utando hafifu wa bakteria nyuma ya koloni: ukiwa mnene kuliko wa sahani isiyo na dozi, kuna histidini, ukiwa umekatika na kubaki vitone vidogo, dozi inaua na vitone hivyo si vya kuhesabu. Kwa antibayotiki kipimo hiki hakifai sana, maana zinaua bakteria wa kupimia kabla hawajabadilika.

Kipi uchukue

Ukiwa na sampuli 50 za kuchuja na unauliza tu zipi zinagusa DNA, kipimo cha rangi kinatosha. Usitumie neno mutesheni kwenye matokeo yake. Ukiwa na kemikali isiyo antibayotiki na unataka kujua inabadilisha DNA yenyewe au kwa kupitia polimeresi ya SOS, jozi ya Ames ni nafuu na ina viwango vinavyojulikana. Ukiuliza kuhusu antibayotiki, au unatafuta dawa ya kuzuia SOS ili usugu ucheleweshwe, hakuna njia ya mkato: rifampisini, pamoja na aina isiyo na umuDC. Kizuia RecA kinachoshusha rangi ya sulA kwa nusu kinaweza kuwa kimepunguza tu utengenezaji wa protini, na wala hakijagusa kasi ya mutesheni.

Kwamba kizuizi cha namna hiyo kinaweza kufaa kulionyeshwa mwaka 2005, pale E. coli yenye LexA isiyokatika iliposhindwa kupata usugu kwa siprofloksasini ndani ya panya walioambukizwa, huku ile ya kawaida ikiupata. Jambo hilo lilipimwa kwa usugu wenyewe, si kwa rangi.

Ukipata IF ya 5 na rifampisini haikusogea, usitupe matokeo. Kagua kwanza kama seli zilioteshwa usiku kucha baada ya dozi. Kisha ongeza dozi hadi theluthi au nusu ya seli zife, maana huenda mlango wa kwanza tu ndio uliofunguka. Zikibaki vilevile, jaribu CC107 hadi CC111 kabla ya kusema hakuna mutesheni.

Na kama unachofuatilia ni kifua kikuu, vipimo hivi vyote vitatu vitakupotosha. Mycobacterium tuberculosis haina umuDC. Ina RecA na LexA, lakini polimeresi yake ya makosa ni DnaE2, ikisaidiwa na ImuA′ na ImuB, na E. coli haina hata moja kati yake. Hapo kipimo ni kilekile cha rifampisini, ila kwa Mycobacterium smegmatis ya kawaida ikilinganishwa na isiyo na dnaE2. Seli zake hujigawa kila saa 3 hivi, kwa hiyo koloni zihesabiwe siku ya 3 hadi ya 5. Zitenganishe pia seli kwa shanga za kioo au kwa Tween 80 kabla ya kupanda, kwa sababu hushikana mafungu, na fungu zima likihesabiwa seli moja kasi itapanda kwa uongo uleule wa nyuzi za siprofloksasini.